Wagiriama walikataa nini hasa 1913, na kwa nini serikali ikalipua kaya yao

Binti wa dada yangu ana insha fupi ya historia, kurasa mbili tu, swali linasema aeleze kwa nini maasi dhidi ya kazi ya lazima ya kikoloni yalianza na yalizimwa vipi. Juzi jioni akaja hapa kwangu Ziwani na daftari, sentensi yake ya kwanza ilikuwa hivi: "Wagiriama waliasi kwa sababu hawakupenda kuwafanyia wazungu kazi." Nikamwambia hiyo futa. Akashtuka, "Lakini anko, si ndio ukweli?" Ni ukweli ndio, lakini ni ukweli ambao hauelezi kitu, juu nani kwani alikuwa anapenda? Swali ni kwa nini hao, kwa nini pale, na kwa nini 1913, wakati Waingereza walikuwa wameshika pwani ya Kenya tangu 1895 na kwa miaka karibu ishirini hao watu walikuwa wamekaa tu bila vita. Nimemweleza mpaka saa nne usiku, sasa naandika hapa vizuri juu najua si yeye pekee mwenye hiyo insha.

Na nimechagua Wagiriama makusudi. Watu wengi Nairobi wakisikia kazi ya lazima wanakimbilia Harry Thuku na 1922, ni sawa, damu ilimwagika hapa hapa mjini, lakini ya Giriama inakuonyesha kitu kizima kutoka mwanzo hadi mwisho, hatua kwa hatua, na hasa inakuonyesha jinsi kuzima maasi na kulazimisha kazi vilikuwa kitu kimoja. Hiyo ndiyo pointi yangu kubwa, ishike, nitairudia mbele.

Anza na mahindi. Wagiriama ni moja ya makabila tisa ya Mijikenda, na karne ya 19 walikuwa wametoka kwenye kaya zao, yaani makazi yao matakatifu ya msituni, wakasambaa, wakaenda kaskazini, wakavuka mto Sabaki, ule ule ambao huku juu unaitwa Galana. Ng'ambo ya Sabaki ardhi ilikuwa nzuri, wakafyeka wakalima mahindi, mengi, hadi ya kuuza, wafanyabiashara Waswahili na Waarabu wa Malindi na Mambrui walikuwa wananunua na mengine yanapakiwa kwenye majahazi. Zamani pia kulikuwa na biashara ya pembe za ndovu. Kwa hivyo hawa hawakuwa watu wamekaa tu wakingoja mtu awape ajira, walikuwa na uchumi wao na ulikuwa unatembea, na injini yake ilikuwa vijana. Shamba jipya linafyekwa na vijana. Mzee mwenye vijana wengi nyumbani ndiye mwenye mahindi mengi. Ukimtoa kijana pale miezi kadhaa, hasa wakati wa kutayarisha shamba kabla ya masika, hujachukua saa zake za kazi peke yake, umechukua mavuno ya mwaka mzima ya nyumba nzima.

Sasa angalia upande ule mwingine. Mwaka 1907 utumwa ulipigwa marufuku rasmi pwani, mashamba makubwa yakabaki bila watu wa kuyalima. Wakati huo huo walowezi na makampuni walikuwa wanaanzisha mashamba ya mpira, pamba na mkonge, na Mombasa kulikuwa na kazi za serikali zinazotaka mikono. Mikono itoke wapi? Wakaangalia wakaona watu wengi wenye nguvu hapo nyuma ya Malindi na Kilifi, wanalima mahindi yao, hawaji. Kwa macho ya ofisi ile ilikuwa uvivu. Mtu anajilimia na anauza ziada, lakini kwa sababu halimi shamba lako unamwita mvivu.

Hapa ndipo kodi inaingia, na hapa wanafunzi wengi wanateleza, wanaandika kodi kama sababu moja na kazi ya lazima kama sababu nyingine tofauti. Kodi ya nyumba ilikuwa rupia 3 kwa kila nyumba, mwenye wake watatu ana nyumba tatu, hesabu mwenyewe. Lakini lengo halikuwa pesa tu. Mwaka 1913 gavana mwenyewe, Henry Belfield, alisema hadharani kwamba kodi ndiyo njia pekee ya kumlazimisha Mwafrika atoke kwao aende kutafuta kazi. Yaani ilikuwa sera, imesemwa mchana kweupe. Shida ni kwamba kwa Wagiriama hiyo dawa haikufanya kazi, juu Mgiriama akidaiwa rupia anauza mahindi, analipa, anarudi shambani kwake. Kodi ilishindwa kumtoa nyumbani kwa sababu alikuwa na kitu cha kuuza. Mpwa wangu hapo akainua kichwa, "Kumbe walikuwa wanaadhibiwa kwa kuwa na chakula." Nikamwambia andika hiyo, kwa maneno yako hayo hayo.

Kwa hivyo ikabidi watume mtu. Mwaka 1912 mkuu wa mkoa wa pwani, Charles Hobley, akamweka Arthur Champion kuwa afisa wa kukaa na Wagiriama. Kazi zake zilikuwa kuhesabu watu na nyumba, kukusanya kodi, kuweka machifu wa serikali, na kutoa vijana waende kazini. Tatizo likaanza hapo kwa machifu. Wagiriama hawakuwa na mtu mmoja mwenye amri juu ya wote, mambo yao yalikwenda kwa mabaraza ya wazee, na nguvu ya mwisho ilikuwa kaya, Kaya Fungo, ambayo kwa wakati huo ilikuwa na wakazi wachache sana lakini ndiyo mahali pa sala, pa hukumu, pa viapo. Champion akamchukua mtu akamwambia wewe sasa ni chifu, lete vijana kadhaa. Huyo mtu anarudi kijijini na hana chochote cha kumfanya mtu amsikie, hana heshima ya kiapo, hana umri wakati mwingine, ana askari tu nyuma yake. Champion akaita mikutano, akazunguka, vijana hawatoki.

Katikati ya mwaka 1913 ndipo anatokea Mekatilili wa Menza. Alikuwa mjane, si kijana tena, na katika jamii ambayo mabaraza makubwa yalikuwa ya wanaume alianza kuongea hadharani. Alikuwa anatumia kifudu, ngoma ya msiba, watu wanakusanyika kucheza, halafu anaongea. Alikuwa anauliza swali moja linalouma, vijana wetu wanapelekwa wapi. Na kumbuka familia yake yenyewe, inasimuliwa kwamba kaka yake Mwarandu alitekwa na wafanyabiashara wa watumwa sokoni akiwa kijana, hakurudi. Kwa hivyo kwake kijana kuchukuliwa na mtu mwenye bunduki halikuwa jambo jipya, alikuwa ameliona.

Halafu kuna ile ya kuku. Tarehe 13 Agosti 1913 Champion alifanya mkutano kutafuta vijana, na inasimuliwa kwamba Mekatilili alikuja na kuku mwenye vifaranga akamwambia Champion jaribu kuchukua kifaranga kimoja. Akanyoosha mkono, kuku akamdonoa. Akamwambia, na wewe ukijaribu kuchukua mtoto wetu mmoja utaona hivyo hivyo. Naipenda sana hiyo hadithi, na kwenye insha itumie, lakini andika "inasimuliwa", juu ni simulizi ya watu wenyewe, ina uzito wake kama simulizi, usiiweke kama umeitoa kwenye ripoti ya mkutano.

Kitu kikubwa zaidi ya kuku lakini ni viapo. Yeye na mzee anaitwa Wanje wa Mwadorikola waliitisha watu Kaya Fungo, wakafika wengi, na hapo vikatolewa viapo viwili, wanawake wakala mukushekushe, wanaume wakala kiapo cha fisi, ambacho ndicho kilikuwa kinaogopwa kuliko vyote. Maana yake ilikuwa kwamba hakuna kushirikiana na serikali, hakuna kodi, hakuna kwenda kazini, na anayevunja kiapo kitamla. Matokeo yalionekana haraka, machifu wa serikali wakanyamaza au wakajificha, Champion akabaki anaongoza hewa.

Hebu simama hapo kidogo. Mpaka hapo nani amepigwa mshale? Hakuna. 1913 haikuwa vita. Watu walikaa nyumbani wakalima, basi, kwa lugha ya leo tungesema ni mgomo, tena mgomo wa watu ambao hata hawajaajiriwa. Vitabu vingi vya shule vinamwaga 1913 na 1914 kwenye sufuria moja vinaita "vita vya Wagiriama" halafu mwanafunzi anaamini walishika silaha ili wasifanye kazi. Hapana. Walikataa kazi kwanza, kimya kimya, na silaha zilikuja mwaka mmoja baadaye kwa sababu ya vile serikali ilivyojibu. Ukiweka hiyo tofauti kwenye insha umeshajibu nusu ya swali.

Sasa kuzimwa. Hatua ya kwanza ilikuwa kung'oa vichwa. Tarehe 17 Oktoba 1913 Mekatilili na Wanje wakakamatwa wakapelekwa Kisii, mbali kabisa, baridi, lugha nyingine, hawana mtu. Mwezi Januari 1914 wakatoroka, wakarudi pwani kwa miguu. Fungua ramani uone, hata ukipima mstari ulionyooka ni zaidi ya kilomita 600, na wao hawakupita mstari ulionyooka. Mwaka huo huo, kabla ya mapigano kuanza, wakakamatwa tena. Hili nalo muhimu, juu linakuonyesha kwamba Mekatilili hakuwa jenerali wa mapigano ya 1914, wengi wanaandika hivyo, si kweli. Mapigano yale hayakuwa na jenerali.

Hatua ya pili ilikuwa kaya. Serikali ilijiambia kwamba kama nguvu inatoka kwenye viapo, na viapo vinatoka kaya, basi kaya ifungwe. Wazee wakalazimishwa kula kiapo kingine cha utii kwa serikali, yaani waliona nguvu ya kiapo wakataka kukigeuza upande wao. Halafu Agosti 1914 Champion akailipua Kaya Fungo kwa baruti, lango likabomolewa, miti ikachomwa. Siku inayotajwa ni tarehe 4 Agosti, siku ile ile Uingereza ilitangaza vita na Ujerumani. Mtu wa Nairobi anaweza kusoma hilo akafikiri ni kama kubomoa jumba la kijiji. Kaya ni mahali ambapo mababu wamezikwa, mahali pa kuomba mvua, mti haukatwi, mtu haingii ovyo. Na hata baada ya hapo watu hawakuanza kwenda kazini, juu kiapo hakikai kwenye lango.

Hatua ya tatu ilikuwa ardhi. Hobley alitaka watu wa ng'ambo ya Sabaki wahamishwe wote warudi kusini mwa mto, kama adhabu na pia ili iwe rahisi kuwafikia na kuwatawala. Rudi kwenye mahindi utaelewa ujanja wake. Kilichomwezesha Mgiriama kukataa kazi kilikuwa shamba la ng'ambo. Mnyang'anye hilo shamba, umpeleke kwenye ardhi iliyochoka na kubanana, mwaka unaofuata hana mahindi ya kuuza, kodi inabaki pale pale rupia 3, atakwenda wapi? Hutahitaji tena kumlazimisha kwa askari, njaa itamlazimisha.

Na juu ya yote hayo vita vya dunia vikaingia, vita vya kwanza, na upande wa pili wa mpaka, Tanganyika ya sasa, walikuwa Wajerumani. Jeshi likahitaji wapagazi, maelfu, kwa sababu farasi na ng'ombe walikuwa wanakufa na mbung'o na barabara hazikuwepo, kila kitu kinabebwa kichwani. Kwa hivyo askari wakarudi tena kwenye vijiji vilevile ambavyo vimekataa kutoa vijana mwaka mzima, sasa wanataka vijana wa vita. Ni katika msako huo, katikati ya Agosti, kaya imelipuliwa juzi tu, askari mmoja akambaka mwanamke wa Kigiriama. Wagiriama wakamuua kwa mshale. Kisha wakavamia kambi ya Champion. Hapo ndipo vita vinaanza. Kwenye insha hiki ndicho kinaitwa chanzo cha karibu, na vile vingine nilivyoeleza juu, shamba, kodi, vijana, kaya, ndivyo vyanzo vya ndani, usivichanganye, na usianze na hiki cha karibu kana kwamba kilianguka kutoka mbinguni.

Mapigano yenyewe sitayakalia sana. Serikali ilileta kampuni za KAR, yaani King's African Rifles, jeshi la kikoloni, askari ambao walikuwa wanahitajika kwenye vita na Wajerumani, ndio maana walitaka kumaliza haraka. Upande mmoja bunduki, upande mwingine upinde na mishale ya sumu. Wagiriama hawakusimama uwanjani wapigwe, waliingia msituni wakapiga kidogo kidogo, na jeshi lilipokosa mtu wa kupiga likageukia vitu visivyokimbia, nyumba na maghala na mbuzi. Wagiriama kama 150 waliuawa kwa hesabu inayotajwa mara nyingi, na kuna simulizi zinazoweka idadi kubwa zaidi. Nyumba nyingi za ng'ambo ya Sabaki zilichomwa. Mbuzi walichukuliwa kwa maelfu. Fikiria ghala la mahindi linavyoungua, moshi wa nafaka ni mzito na unakaa siku, na ile ilikuwa mbegu pia, si chakula peke yake.

Kufikia Oktoba 1914 wazee wakakubali kusalimu amri, na sasa soma masharti polepole. Faini ya rupia 100,000. Kuondoka ng'ambo ya Sabaki. Na kutoa wanaume 1,000 waende upagazi wa vita.

Nikamwambia mpwa wangu asome tena hilo la mwisho. Akasoma. Halafu akasema, "Si ndio walikuwa wanakataa tangu mwanzo?" Ndio hapo. Hayakuwa masharti ya amani, kilikuwa kile kile walichoombwa 1913, sasa kimeandikwa kama adhabu. Na hiyo faini pia iangalie, rupia 100,000 kwa watu wa rupia 3 kwa nyumba, wamechomewa mahindi na wamenyang'anywa mbuzi, wataitoa wapi kama si kwa kwenda kufanya kazi ya mtu? Kila sharti linaelekea mlango mmoja. Ndio maana mwanzoni nilisema kuzima maasi na kulazimisha kazi vilikuwa kitu kimoja. Ukiandika insha ukagawa sehemu mbili, sababu huku na kuzimwa kule, bila kuonyesha kwamba sehemu ya pili inamalizia kazi ya sehemu ya kwanza, utakuwa umekosa kiini chake.

Kesho yake nikamtembeza kidogo, juu mimi naamini mtu akiona kitu anakiandika vizuri zaidi. Tukapita Kariokor, pale sokoni karibu na wale wa viatu vya ngozi na viondo, nikamuuliza anajua hilo jina limetoka wapi. Hakujua, na amekula nyama choma pale tangu utoto. Ni Carrier Corps kwa Kiingereza, kikosi cha wapagazi, kambi yao ilikuwa huko, watu wakalitamka vile wanavyoweza likabaki, na Dar nao wana Kariakoo yao kwa sababu hiyo hiyo. Kutoka 1915 kukawa na sheria ya kuwachukua watu kwa nguvu nchi nzima, na waliokufa kwenye upagazi, wengi kwa kuhara na njaa na malaria kuliko kwa risasi, wanahesabiwa kwa makumi ya maelfu. Tukaenda hadi Kenyatta Avenyu kwenye zile sanamu tatu za shaba. Wawili wana bunduki. Mmoja hana, huyo ndiye mpagazi, na maandishi pale chini, ambayo yako kwa Kiswahili pia, yanasema wapagazi walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Tulisimama pale, matatu zinapiga honi, mpwa wangu akaangalia huyo mtu asiye na silaha kwa muda. Kisha akauliza kama mmoja wa wale 1,000 angeweza kuwa yeye. Nikamwambia angeweza.

Kuna jambo moja la mwisho ambalo insha nyingi zinakata kabla ya kulifikia. Ile hamisha-hamisha ilishindwa. Watu waliobananishwa kusini mwa mto walipata shida sana ya chakula, na serikali ambayo ilikuwa imechoma nyumba ili kuwatoa ng'ambo ya Sabaki ikaja kuwaruhusu wenyewe warudi miaka michache baadaye, wakavuka mto wakaanza kufyeka upya. Mwaka 1919 Mekatilili na Wanje nao wakarudi kutoka kifungoni. Wakaenda kukaa Kaya Fungo, pale pale palipolipuliwa, yeye akiongoza baraza la wanawake na Wanje la wanaume.